Hedifoni ya Bluetooth ikinyamaza au ikileta mwangwi: uiachie kazi yote, uigawie nusu, au urudi kwa waya?

Jumatano moja saa moja jioni dada yangu alinipigia kutoka Lanet, Nakuru, na nikajua kwa namna alivyosema "hebu nisaidie" kwamba mambo yameharibika. Yeye hufundisha wageni Kiswahili kupitia mtandao, na siku hiyo alikuwa amenunua hedifoni mpya ya Bluetooth kwa ajili ya kazi hiyo.

"Kaka, inacheza nyimbo vizuri kabisa. Nikiingia darasani inakufa. Mwanafunzi ananisikia, mimi simsikii."

Alikuwa amezima laptopu na kuiwasha mara tatu. Alikuwa ameiondoa hedifoni kwenye orodha ya Bluetooth na kuiunganisha upya. Nikamwomba afungue mipangilio ya sauti ndani ya apu ya mikutano anisomee majina mawili: la spika aliyochagua na la maiki. Laptopu yake ina Windows 10. Kwenye spika kulikuwa na neno `Headphones`, kisha jina la hedifoni likimalizikia na `Stereo`. Kwenye maiki kulikuwa na `Headset`, jina lilelile, kisha `Hands-Free AG Audio`.

"Si ni kitu kimoja tu?" akauliza.

Hedifoni ni moja, lakini majina hayo ni ya njia mbili tofauti, na ukizijua hizo mbili utaweza kuchagua kati ya mipango mitatu ninayoilinganisha hapa.

Bluetooth ya kawaida, ambayo ndiyo iliyo kwenye vifaa vingi tunavyonunua, hubeba sauti kwa njia mbili. Moja huitwa A2DP, nami nitaiita njia ya muziki. Hiyo hubeba sauti nzuri ya sikio la kushoto na la kulia, lakini huenda upande mmoja tu, kutoka kwa simu au kompyuta hadi masikioni. Maiki haina nafasi humo. Ya pili huitwa HFP, nami nitaiita njia ya simu, kwa sababu ilibuniwa kwa mtu anayepiga simu huku mikono yake iko kwenye usukani. Hiyo hubeba sauti ya kwenda na ya kurudi, ila ni nyembamba na masikio yote mawili hupata kitu kilekile.

Hedifoni haiwezi kutumia njia zote mbili kwa wakati mmoja. Apu ikifungua tu maiki ya hedifoni, njia ya muziki inasimamishwa. Sasa tazama alichokuwa amekipanga dada yangu bila kujua: sauti ya mwanafunzi ipite njia ya muziki, maiki yake ipite njia ya simu. Darasa lilipoanza, maiki ilifunguka, njia ya muziki ikafungwa, na sauti ya mwanafunzi ikaendelea kupelekwa kule kulikofungwa. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Nyimbo zilicheza vizuri kwa sababu wakati wa nyimbo hakuna aliyefungua maiki.

Windows 11 imeyaunganisha majina hayo mawili kuwa moja na huhama yenyewe kutoka njia moja kwenda nyingine, hivyo ukimya wa namna hii huko ni nadra zaidi. Lakini ubora wa sauti bado hushuka maiki inapofunguka, kwa sababu sheria ni ya Bluetooth yenyewe, si ya kompyuta.

Mpango wa kwanza: hedifoni ifanye yote

Hapa unachagua `Hands-Free` kwenye spika na kwenye maiki pia. Ukimya unakwisha papo hapo. Dada yangu alifanya hivyo ile jioni na darasa likaendelea. Ni mpango unaokuacha huru kutembea nyumbani, maiki iko karibu na mdomo wako, na hedifoni nyingi hujaribu kupunguza kelele za nje. Kwa mkutano wa kawaida wa kazi, unatosha.

Kwa mwalimu wa lugha hautoshi, na sababu yake ni ya kupimika. Njia ya simu ya zamani huchukua sampuli 8,000 za sauti kila sekunde, na kwa hesabu ya sauti za kidijitali hiyo ina maana kwamba hakuna kitu kilicho juu ya hezi 4,000 kinachoweza kupita. Irabu zetu, a, e, i, o, u, hazidhuriki sana kwa sababu nguvu yake kubwa iko chini ya hapo. Lakini kinachotenganisha s, f na th ni ule mvumo wa hewa, na sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000. Ukiukata, konsonanti hizo zinaanza kufanana.

Wiki ile mwanafunzi wa dada yangu aliandika "samani ya nyumba ni kubwa". Dada alikuwa ametamka "thamani". Sentensi zote mbili zinaeleweka, kwa hiyo mwanafunzi hakuwa na njia ya kujua kwamba amesikia vibaya. Mwalimu naye alifikiri mwanafunzi hajui tofauti ya maneno hayo, akatumia dakika kumi kumfundisha kitu ambacho tayari alikijua. Aliponisimulia niliumia, kwa sababu yule mtu analipia saa yake.

Kuna toleo bora la njia hii ya simu. Tangu HFP 1.6, iliyotoka mwaka 2011, kifaa kinaweza kutumia namna ya kubana sauti inayoitwa mSBC, yenye sampuli 16,000 kwa sekunde. Hapo nafasi inaongezeka mara mbili na s inarudi kuwa s. Sharti ni kwamba pande zote mbili ziikubali, hedifoni na laptopu au simu. Ukiwa dukani, usidanganywe na maandishi ya "Bluetooth 5.3" kwenye boksi, namba hiyo haikuambii lolote kuhusu ubora wa maiki. Tafuta HFP 1.6 au zaidi, au neno mSBC. Boksi nyingi za bei ya chini hazisemi, kwa hiyo jaribio la kweli ni kumpigia mtu kwa apu ileile utakayoitumia, umsomee maneno ya jozi kama thamani na samani, saa na faa, bila kufuata mpangilio, naye akuandikie alichosikia. Akikosea mara kwa mara, una toleo jembamba.

Mpango wa pili: masikio kwa Bluetooth, maiki ya laptopu

Huu ndio ninaoupendekeza kwa mtu aliyekaa mezani mbele ya laptopu kwenye chumba kilicho kimya. Spika unaiacha kwenye `Stereo`, na maiki unachagua ile ya laptopu yenyewe, ambayo mara nyingi huonekana kama `Microphone Array`. Kwa kuwa hakuna aliyegusa maiki ya hedifoni, njia ya muziki inabaki wazi. Unamsikia mwenzako kwa ubora wote, naye anakusikia bila kubanwa na njia ya simu.

Shida yake ya kwanza ni kwamba apu nyingine hazitulii. Unaweka maiki ya laptopu leo, kesho hedifoni ikiunganishwa upya apu inairukia maiki ya hedifoni na unarudi kwenye ukimya. Kwenye Windows 10 unaweza kufunga mlango huo kabisa: fungua `Control Panel`, kisha `Devices and Printers`, bofya hedifoni kwa kitufe cha kulia, chagua `Properties`, nenda kwenye `Services`, na uondoe alama kwenye `Handsfree Telephony`. Baada ya hapo kompyuta hiyo haitaiona tena maiki ya hedifoni, na hakuna apu itakayoweza kuifungua. Kwenye simu yako hedifoni itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ukitaka kurudi ulikotoka, unaiweka alama tena.

Shida ya pili ni chumba chenyewe. Maiki ya laptopu iko nusu mita kutoka mdomoni, inasikia kibodi, feni, jogoo, na mvua. Nakuru ikinyesha juu ya mabati, hakuna apu itakayoiondoa kelele hiyo bila kula na sauti yako. Ya tatu ni kuchelewa: njia ya muziki huchelewesha sauti kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde. Katika mazungumzo huwezi kuitambua kwa urahisi, ila mnapotaka kuimba au kusoma shairi kwa pamoja mtapishana.

Kwenye simu za Android mpango huu hautegemeki, na wengi huumia hapa. Apu ya mazungumzo inapoanza kuita, huiweka simu katika hali ya mawasiliano, na katika hali hiyo njia ya muziki kwa kawaida haitumiki. Ama sauti ipite njia ya simu hadi kwenye hedifoni, ama itoke kwenye spika ndogo ya sikio, au spika kubwa. Ndiyo maana mtu aliyevaa hedifoni anaweza kukaa kimya akisubiri, huku mwenzake ananong'ona kutoka kwenye simu iliyo mfukoni. Fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama iliyo kando ya jina la hedifoni, na uangalie vitufe viwili, `Phone calls` na `Media audio`. Kwenye simu nyingine vimeandikwa `Calls` na `Audio`. Cha kwanza kikiwa kimezimwa, nyimbo zitacheza na mikutano itakuwa kimya. Kikiwa kimewashwa na bado husikii, ongeza sauti mazungumzo yakiwa yanaendelea, maana sauti ya mazungumzo ina kiwango chake tofauti na cha muziki. Na ni heri kuunganisha hedifoni kabla ya kuingia mkutanoni, kwa sababu apu nyingine huamua pa kupeleka sauti mara moja tu, wakati wa kuingia.

Mpango wa tatu: waya

Watu huuona kama kurudi nyuma. Mimi siuoni hivyo. Waya haina njia ya muziki na njia ya simu. Inabeba sauti nzuri kwenda na kurudi kwa pamoja, haicheleweshi kitu unachoweza kukisikia, haiishiwi chaji katikati ya mahojiano ya kazi. Hedifoni ya waya ya bei ya shilingi mia chache, kwa upande wa kusikika, huishinda ya Bluetooth ya maelfu iliyokwama kwenye toleo jembamba.

Itazame plagi kabla ya kununua. Ikiwa na vikanda vitatu vyeusi, ina maiki. Ikiwa na viwili, ni ya kusikiliza tu, na simu itaendelea kutumia maiki yake. Kwa simu isiyo na tundu la duara utahitaji adapta, na adapta ziko za aina mbili ambazo kwa macho zinafanana: moja ina kichipu ndani kinachogeuza sauti, nyingine ni nyaya tupu na hufanya kazi kwenye baadhi ya simu tu. Ijaribu pale pale kaunta, kwa simu yako mwenyewe, kwa kusikiliza na kwa kurekodi sauti yako, ndipo ulipe.

Udhaifu wa waya ni maiki inayoning'inia na kusugua nguo. Bana waya kwenye ukosi wa shati kwa pini na kelele hiyo inapungua sana.

Mwangwi ni kesi nyingine

Hadi hapa nimezungumzia sauti inayopotea. Mwangwi unafuata sheria yake, na wengi huisoma kinyume: anayesikia sauti yake ikimrudia si yeye mwenye tatizo. Sauti yake imesafiri hadi kwa mwenzake, ikatoka kwenye spika huko, ikaingia kwenye maiki ya huko, ikarudishwa. Kifaa cha kurekebishwa kiko upande ule mwingine.

Niliiona vizuri kwenye kikao cha kamati ya mazishi karibu na Khayega, Kakamega. Jamaa walioko Nairobi na Doha walikuwa wamejiunga kwa video ili tupange michango na siku ya kusafirisha mwili. Laptopu ilikuwa mezani chini ya hema, na kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, aliunganisha spika kubwa ya Bluetooth akaiweka karibu na wazee ili wasikie. Wazee walisikia. Lakini binamu wa Doha hakuweza kumaliza sentensi. Kila neno lilimrudia. Baba mdogo akaagiza aambiwe azime na kuwasha simu yake, kwa sababu ndiye aliyelalamika. Akafanya hivyo mara mbili. Muda ukapotea, na yule mtu alikuwa na msiba.

Tuliomba kila upande ufunge maiki kwa zamu. Nairobi ilipofunga, mwangwi ulibaki. Sisi tulipofunga, ukakoma. Kesi ikaisha hapo: ulikuwa wetu.

Kila apu ya mikutano ina kikata-mwangwi. Kinaweka nakala ya sauti iliyotumwa kwenye spika, kinaisubiri irudi kupitia maiki, kisha kinaitoa. Spika ya laptopu ikiwa ndiyo inayotumika, sauti hurudi baada ya muda mfupi sana usiobadilika, na kazi ni rahisi. Spika ya Bluetooth ilitumia njia ya muziki: sauti ilirudi imechelewa sehemu ya tano ya sekunde, na uchelewaji huo haukai mahali pamoja. Zaidi ya hayo spika ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, ikikwaruza, kwa hiyo kilichorudi hakikufanana tena na nakala. Kikata-mwangwi kikakosa cha kukata.

Hedifoni haileti mwangwi wa aina hii mara nyingi kwa sababu sauti inabaki sikioni. Kwa hiyo ukilinganisha vifaa kwa ajili ya mwangwi, weka hedifoni yoyote mbele, ya Bluetooth au ya waya, kisha spika ya laptopu yenyewe, kisha spika ya nje iliyounganishwa kwa waya, na mwisho kabisa spika ya Bluetooth pamoja na maiki ya kifaa kingine. Sisi tulichukua waya ya AUX kutoka kwa mtu wa matangazo, tukaichomeka kwenye laptopu. Kompyuta iliuliza ni kifaa gani. Tulijibu hedifoni, si hedifoni yenye maiki, la sivyo ingetafuta maiki kwenye waya isiyokuwa nayo. Tukaigeuza spika iipe laptopu mgongo na tukapunguza sauti kwa theluthi. Mwangwi haukuisha wote, lakini ulibaki mdogo kiasi cha binamu yetu kuweza kusema alichotaka kusema. Wakati yeye anazungumza, tulifunga maiki yetu.

Kuna kizazi kipya, LE Audio, kinachoanza kuondoa mgawanyo huu wa njia mbili. Android inakikubali tangu toleo la 13. Kinahitaji simu na hedifoni zote mbili ziwe nacho, na hedifoni nyingi zilizoko mikononi mwetu hazina. Nisingemshauri mtu auze alichonacho kwa sababu hiyo.

Kwa sasa ningechagua hivi. Anayepokea simu za kazi akiwa barabarani au jikoni abaki na hedifoni ifanye yote, ila ahakikishe ina toleo pana. Anayefundisha, kutafsiri au kuhojiwa akiwa mezani agawe kazi, masikio kwa Bluetooth na maiki ya laptopu. Anayetumia simu peke yake kwa mambo hayo hayo anunue waya yenye vikanda vitatu. Na mkutano wa watu wengi chini ya hema usiwe na spika ya Bluetooth.

Dada yangu amegawa kazi, na ameondoa ile alama ya `Handsfree Telephony`. Kwenye droo ya meza kuna hedifoni ya waya kwa siku za mvua, maana paa lake ni la mabati. Kila darasa jipya huanza na jozi sita za maneno, mwanafunzi akiandika anachosikia, na ya kwanza kwenye orodha ni thamani na samani.